Kijana asiye na huruma: Kwa nini bakora haimwingii

Bila shaka, msomaji, umewahi kumwona au kumsikia kijana wa namna hii. Amempiga mdogo wake hadi akavuja damu, na anapoulizwa sababu anajibu kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kuuliza chakula kiko wapi. Mama analia, naye anamtazama kama mtu anayetazama mvua. Anachapwa, anavumilia, anafuta macho yasiyo na machozi, na jioni ile ile anarudia kosa. Majirani wanasema mtoto huyu hana haya. Wengine wanasema ana jini, wengine wanamlaumu mamake, na wajomba wanashauri apelekwe bara akakomeshwe.

Vijana wengi wanaosumbua si wa namna hii. Mtukutu wa kawaida huwa mwepesi wa hasira, hulipuka, kisha hujuta. Ukimpata saa moja baadaye amekaa nyuma ya nyumba amejiinamia. Leo nazungumzia kikundi kidogo tu miongoni mwa wenye matatizo ya mwenendo, ambacho majuto hayo huwa hayapo au ni haba sana. Ni kikundi kinachochosha wazazi kuliko kingine chochote kwa sababu kila silaha tuliyozoea, yaani kuchapa, kufokea, kuaibisha na kusihi, huangukia mwamba.

Dalili zenyewe

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hii katika mwongozo wao wa kutambua maradhi. Hawakuifanya ugonjwa mpya bali aina ya matatizo ya mwenendo, na baadaye Shirika la Afya Duniani nalo likaitambua katika mwongozo wake. Dalili zinazotafutwa ni nne: hajuti anapokosea isipokuwa ameshikwa na anataka kuepuka adhabu, hajali maumivu ya wengine, hajali akishindwa shuleni au kazini, na hisia zake ni za juujuu, kama nguo anayoivaa akihitaji kitu na kuivua akishakipata. Mbili kati ya hizo zikionekana kwa muda wa miezi 12 au zaidi, nyumbani na mahali pengine pia, ndipo mtaalamu huanza kufikiria hali hii.

Maneno "mahali pengine pia" yana uzito wake. Mtoto anayemwonyesha baba wa kambo uso mkavu, lakini akamlilia nyanyake alipofariki, hayumo. Ndiyo maana mtaalamu mzuri huuliza mama, mwalimu wa shule, ustadhi wa madrasa na hata mwenye duka la karibu, kisha akalinganisha majibu.

Hapa pwani kuna mtego mmoja ambao vitabu vya ng'ambo haviutaji. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Mark Dadds walionyesha kwamba watoto wenye moyo mkavu hawatazami macho ya watu inavyotosha, na hivyo huipitwa hofu iliyoandikwa usoni. Walipoelekezwa wazi watazame macho, waliitambua hofu hiyo vizuri zaidi. Lakini kwetu mtoto mwenye adabu hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Basi usimhukumu kijana kwa sababu hakutazami ukimkanya. Mwangalie anapokuwa na wenzake wa rika lake, au mtoto mdogo anapoanguka karibu naye.

Yapo pia mambo yanayofanana na hali hii lakini siyo. Kijana aliyepigwa, kubakwa au kuona mauaji anaweza kuganda hisia ili asiumie, na nje akaonekana hajali. Tofauti ni kwamba huyu ndani ana wasiwasi mwingi: hashiki usingizi, hushtuka mlango ukigongwa. Mwenye usonji naye huweza kukosa kuelewa kwamba umeudhika, ila akishaelewa huumia kama mtu yeyote. Kijana mwenye moyo mkavu ni kinyume chake. Anaelewa barabara kwamba umeudhika. Hakuguswi nalo tu.

Na usiache kuuliza kuhusu degedege. Watafiti wa kituo cha KEMRI mjini Kilifi wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya malaria kali, degedege na kifafa, na wameonyesha kwamba watoto waliopata degedege au wenye kifafa huwa na matatizo ya tabia zaidi ya wenzao. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, na tabia yake ikageuka baada ya hapo, aanzie kwa daktari kabla ya kuanzia kwa mwalimu wa nidhamu.

Kwa nini adhabu inapita kando

Mtoto wa kawaida hujifunza kwa njia mbili pamoja. Anaogopa kuchapwa, na anaumia akiona ameumiza. Ile ya pili ndiyo inayofanya kazi siku ambazo mama hayupo.

Wanasayansi waliopima ubongo wa vijana wenye moyo mkavu walikuta kwamba sehemu moja ndogo, yenye umbo la lozi, haiamki inavyopaswa wanapoonyeshwa picha ya uso wenye hofu. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuunganisha kosa na adhabu. Kwa hiyo kijana huyu hapati uchungu wa mwenzake, na hata uchungu wake mwenyewe haumfundishi kama unavyowafundisha wengine. Uchunguzi wa mapacha huko Uingereza umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hali hii hurithiwa. Mama aliyeambiwa mtaani kwamba hakumfunza mwanawe ana haki ya kulijua hilo.

Ila kurithi si kuandikiwa. Huko Marekani watafiti walifuatilia watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Watoto ambao mama zao wa damu walikuwa na tabia za uhalifu walielekea zaidi kuwa wakavu wa moyo, lakini pale mama mlezi alipokuwa na mazoea ya kusifu na kutia moyo, ile hatari ya kurithi ilififia. Kumbuka kwamba mama hao walezi hawakuwa na damu moja na watoto, kwa hiyo kilichofanya kazi ni malezi yenyewe.

Uchunguzi unaonifaa zaidi kwa makala haya ni wa Hawes na Dadds, uliotolewa mwaka 2005 huko Australia. Walifundisha wazazi wa wavulana wadogo wenye matatizo ya mwenendo mambo mawili: kwanza kutuza tabia njema, kisha kumtenga mtoto kwa dakika chache akikosea. Wavulana wa kawaida walifaidika na yote mawili. Wale wenye moyo mkavu walifaidika na tuzo sawasawa na wenzao, lakini kutengwa hakukuwashtua. Kwa maneno mengine, mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi, nasi wazazi tumeshinda tukibisha ule uliofungwa.

Kwa vijana wakubwa mfano unaojulikana sana ni kituo cha Mendota katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1995 kwa wavulana walioshindikana katika magereza ya watoto. Waanzilishi wake waliona kwamba kila adhabu ilizaa ukaidi, na kila ukaidi ukazaa adhabu kubwa zaidi, hadi kijana akabaki hana cha kupoteza. Wakakata mnyororo huo kwa kumpa kila kijana alama kila siku kulingana na mwenendo wake wa siku hiyo, na alama hizo zikaamua starehe za siku inayofuata. Aliyevurunda leo aliweza kuanza upya kesho. Vijana waliopitia Mendota walirudia uhalifu wa mabavu kwa kiasi cha karibu nusu ya wenzao waliobaki katika magereza ya kawaida. Hawakuwa malaika, na wengi wao walikamatwa tena kwa makosa mengine. Lakini nusu si haba.

Daftari la mama mmoja wa Malindi

Hebu tulitazame jambo hili nyumbani. Kijana nitakayemtaja hayuko. Nimemjenga kwa mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi, ili hatua zionekane.

Ana miaka 14, yuko gredi ya nane, anaishi mtaa wa Kisumu Ndogo. Mamake anauza mahamri na viazi karai asubuhi na jioni. Babake yuko Mombasa, hurudi kila mwisho wa mwezi. Ni kijana mwerevu, mcheshi akitaka, na ufukweni anaongea Kitaliano cha kutosha kuwachekesha watalii. Amechukua shilingi 3,000 za chama cha mamake na kutulia tuli dada yake alipochapwa kwa wizi huo. Alipogunduliwa alisema, "Nilizihitaji." Humpiga mdogo wake wa miaka saba, na aliwahi kumfungia paka wa jirani ndani ya gunia aone atafanya nini.

Mama amekwisha kuchapa, kulia, kumpeleka kwa shehe na kumnyima chakula. Sasa anaanza jambo jipya, na kazi ya kwanza ni kuchagua. Hawezi kurekebisha yote. Anachagua matatu yanayoonekana kwa macho: kurudi nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, kutomgusa mdogo wake kwa ubaya kuanzia jioni hadi kulala, na kutochukua kitu bila kuomba. Hakuandika "awe na heshima", kwa sababu heshima haihesabiki, na huyu kijana ni wakili wa kuzaliwa. Kila penye mwanya atabishana.

Kila usiku baada ya chakula mama anafungua daftari na kuweka tiki, moja kwa kila jambo. Tiki tatu zinampa nusu saa ya simu ya mama pamoja na bando la shilingi 20, usiku huo huo. Tiki 15 au zaidi kati ya 21 za wiki zinampa Jumamosi na mjomba wake, ambaye ana boti ya kuvulia na anamfundisha kufungua na kusafisha injini. Boti halikuchaguliwa ovyo. Mama alimchunguza wiki nzima kwanza akaona kwamba kitu pekee kinachomfanya akae kimya saa mbili ni mashine. Tuzo isiyomvutia mtoto si tuzo, hata kama ungependa kuwa yamvutia masomo.

Akikosa tiki, mama anasema sentensi moja: "Leo umekosa tiki ya pili. Kesho inaanza upya." Basi. Haongezi hotuba, hataji paka, hasemi "utaniua mimi". Hasira ya mama kwa kijana huyu ni sinema tu, na pengine ni sinema anayoifurahia. Akimpiga mdogo wake, anakosa tiki na pia simu kwa saa 24, bila kelele. Tiki aliyokwisha kuipata haifutwi kamwe. Ukianza kufuta, umerudi kwenye adhabu, naye ataona hesabu haina maana.

Wiki ya kwanza alipata tiki 9. Wiki ya pili akapata 6, akawa mbaya kuliko mwanzo. Akavunja sahani, akasema daftari ni la kitoto. Hapa ndipo wazazi wengi huacha wakisema haifai. Kwa kweli kuharibika huko ni ishara kwamba ameiona kanuni na anaijaribu kama mtu anavyotikisa mlango aone kama komeo limeshika. Mama hakubadilisha kitu. Wiki ya tatu ikawa 13. Mwisho wa mwezi baba akarudi, akaona daftari, akasema mtoto hahongwi, akalitupa na kumchapa. Wiki ya nne, tiki 5.

Ilibidi mjomba akae na shemeji yake jioni nzima. Alichomweleza ndicho nami nakueleza. Hongo hutolewa kabla, ili mtu aache ubaya anaoufanya sasa hivi: "Nyamaza nikupe pipi." Tuzo hutolewa baada ya jambo jema kwa bei iliyotangazwa mapema, kama mshahara. Baba mwenyewe hufanya kazi bandarini kwa mshahara, na hakuna aliyemwambia anahongwa. Baba akakubali kuwa yeye ndiye atakayeuliza hesabu ya tiki kwa simu kila Ijumaa, dakika mbili, na kusema neno moja la sifa kwa lile lililofanyika. Kufikia wiki ya nane tiki zilikuwa 17.

Wiki ya sita jirani alivunjiwa kioo cha dirisha. Mama hakumwambia "fikiria jirani anavyojisikia". Alimwambia: "Kioo ni shilingi 600. Utakibeba kutoka dukani na kukiweka wewe mwenyewe na fundi. Ukikiweka vizuri, jirani atakuazima baiskeli yake tena." Akakiweka. Jirani akamshukuru mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza kijana alirudi nyumbani akisimulia jambo bila kuulizwa.

Usifikiri nimeficha mwisho mwema. Bibi yake alipougua, kijana hakuonyesha huzuni. Alimchotea maji kwa sababu mama aliongeza tiki ya kuchota maji. Msomaji mmoja atauliza: huo ni utu gani? Nami nitajibu kwamba bibi alikunywa maji. Huruma inaweza kuota polepole kwa wengine, kwa wengine ikabaki changa, lakini mdogo wa miaka saba hawezi kungoja hadi iote ndipo aache kupigwa.

Panapoharibikia

Kosa la kawaida ni tuzo ya mbali. "Ukifaulu mwisho wa muhula nitakununulia baiskeli" haimsaidii mtoto huyu hata kidogo. Lingine ni kuacha mapema. Tiki zikishashika kwa wiki sita au nane ndipo utoe tuzo kila baada ya siku mbili, kisha kwa wiki, na sifa ibaki. Ukisitisha yote kwa siku moja, ubaya hurudi.

Shuleni, bakora imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, lakini kumwaibisha kijana mbele ya gwaride bado kupo. Kwa huyu aibu haiumi, na pengine inampa jina kwa wakorofi wenzake. Mwalimu anaweza kutumia kadi ndogo ya alama inayosafiri kila siku kati ya shule na nyumbani. Mpe kazi ya ufundi, kama kuangalia pampu ya maji au kuunganisha spika, lakini usimfanye kiranja wa watoto wadogo. Na msiwakusanye wakorofi kumi katika kikundi kimoja cha ushauri. Hufundishana.

Kumpeleka kwa jamaa wa mbali kuna hasara hiyo hiyo, kwa sababu shida inahamia kwenye nyumba yenye watoto wasiojua kujikinga. Maadamu anawaumiza wadogo au wanyama, au anacheza na moto, usimwache peke yake nao, na panga na mafuta ya taa yafungiwe. Na kwa mji wa watalii kama Malindi au Watamu kuna jambo la kuongeza. Kijana mcheshi asiye na woga ndiye windo rahisi la mtu mzima mwenye pesa na nia mbaya. Simu mpya isiyo na maelezo iulizwe, kwa sauti ya chini lakini iulizwe.

Hakuna dawa ya kuleta huruma. Daktari akiandika dawa, huwa ni kwa jambo jingine lililoandamana nayo, kama kifafa, au kutotulia kulikopita kiasi. Muulize ni kwa ajili ya nini.

Ikiwa ameshafika polisi, fahamu kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhike vinginevyo. Sheria hiyo pia inaruhusu kesi ya mtoto kuondolewa mahakamani na kumalizwa kwa njia nyingine, mathalan kulipa hasara kwa kazi. Omba afisa wa watoto ahusishwe mapema. Borstal ya Shimo la Tewa ipo, lakini ni mlango wa mwisho.

Kwa uchunguzi, anzia hospitali ya kaunti mjini Kilifi au hospitali ya Malindi, uulize kuhusu afya ya akili. Hospitali ya Port Reitz huko Mombasa nayo hushughulikia wagonjwa wa akili. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Uendapo, beba daftari la tiki hata kama lina wiki tatu tu. Andika kando tarehe aliyompiga mdogo wake, kilichotangulia, na alichosema baadaye kwa maneno yake mwenyewe. Daktari atajifunza mengi zaidi humo kuliko katika kilio chako.